Makato ni Yetu

Kiwandani walimwita mke wangu Mama Makato. Hakulipenda jina hilo, ila aliliitikia.

Alikuwa karani wa malipo ya wasambazaji kwenye kiwanda cha sabuni, miaka ishirini na sita. Mimi ni fundi cherehani. Shule sikwenda. Herufi alinifundisha yeye, tukiwa watu wazima na watoto wameshaondoka nyumbani. Daftari hatukununua. Alikuja na vyeti vya kodi ya zuio vilivyoharibika, wino umetapakaa au jina limekosewa, tukaandika upande wa nyuma. Mbele nilijifunza kusoma, nyuma nilijifunza kuandika. Ndiyo maana nilijua kusoma "kiasi kilichozuiwa" kabla sijajua kusoma jina la mtaa wetu.

Ana miezi miwili kaburini. Naandika haya kwa sababu kiwandani wanasema aliiba.

Kodi ya zuio alinieleza nikiwa nakata suruali. Kiwanda kikimlipa fundi milioni moja, hakimpi yote. Kinampa laki tisa na nusu. Elfu hamsini inazuiwa, inapelekwa ofisi ya kodi kwa jina la fundi. Fundi anapewa cheti, na mwisho wa mwaka, akidaiwa kodi yake, anakionyesha ili apunguziwe.

"Kwa hiyo hiyo hamsini ni ya nani?" nikamuuliza.

"Wewe fundi, kipande cha kitambaa kinachobaki unakifanyaje?"

Nikainamia mkasi. Mafundi wote wanajua wanavyofanya.

"Umeona? Wewe unakitia kapuni kwa sababu mteja kasahau. Huyu wa kodi hasahau. Hiyo hamsini ni deni. Inakaa kwenye akaunti ya madeni mpaka ipelekwe."

Kabla ya kompyuta mpya, kila mwisho wa mwezi alijumlisha vyeti vyote kwa mkono, akalinganisha na ile akaunti ya madeni. Vikilingana, hundi inaandikwa, inapelekwa. Ukaja mfumo mpya. Akaambiwa aache kujumlisha, mfumo unajumlisha wenyewe. Aliacha. Hilo alilijutia sana.

Siku ya kuufunga mfumo alikuja mtaalamu, mtu mzima mwenye miwani na haraka. Alikuwa anajaza mahali fedha zitakapokwenda. Kila kodi ina alama yake: Z1 ya pango, Z2 ya huduma, yaani mafundi, walinzi, wapakiaji. Na kila alama imefungwa kwenye akaunti yake. Akageuka akamuuliza mke wangu:

"Mama, haya makato mnayapeleka wapi?"

Mke wangu alikuwa na simu sikioni. Anagombana na mtu wa mafuta ya mawese aliyechelewesha mzigo. Pale kiwandani anayechelewa hukatwa adhabu, na adhabu ni mali ya kiwanda. Wao adhabu waliita makato. Kodi ya zuio nayo waliita makato.

"Makato ni yetu," akajibu. "Weka mapato mengineyo."

Mtaalamu akaweka. Alikuwa kwenye Z2.

Tangu siku hiyo kila fundi aliyelipwa alikatwa sawasawa. Cheti kilitoka sawasawa, chenye namba na tarehe, na chini sahihi ya mke wangu. Ila ile hamsini haikwenda kwenye deni. Iliingia kwenye mapato. Kwenye akaunti ya madeni ilibaki kodi ya pango tu, na mwenye kupeleka kodi alipeleka anachokiona pale. Akaunti haikuwa tupu, kwa hiyo hakushtuka mtu. Ilikuwa imepungua tu.

Miezi kumi na moja.

Aliyetugutusha ni fundi wa boila. Mzee mwenzangu, mkono mmoja una kovu la mvuke. Alifika kibarazani kwangu mchana, mke wangu yuko nyumbani kwa mapumziko ya chakula. Hakukaa.

"Shemeji, nimewakosea nini?"

"Kaa kwanza," mke wangu akamwambia.

"Sikai. Nimepeleka vyeti vyako kule kwenye kodi. Wananiambia karatasi ninazo, fedha hawajaziona. Nilipe mwenyewe! Mmenikata, na wao wananikata. Mimi ni kitunguu?"

Mke wangu alicheka kidogo. Kisha akakichukua kile cheti, akaitazama sahihi yake. Hakucheka tena. Chakula chake nilikula mimi jioni.

Jumamosi alirudi na rundo la nakala za vyeti. Tukakaa mezani, mimi nasoma, yeye anaandika kwenye daftari lake la jalada la bluu. Nilikosea mara mbili, akanirudisha. Saa tisa alasiri akapiga mstari.

Vyeti vyote: milioni sitini na moja. Iliyopelekwa: kumi na tisa. Akatoa. Arobaini na mbili. Akafungua karatasi nyingine, ya mapato mengineyo, akaondoa adhabu za kweli moja moja. Zilizobaki: arobaini na mbili. Hata shilingi haikuzidi.

"Ni mimi," akasema.

"Ni yule mwenye miwani."

"Aliuliza, nikamjibu."

Jumatatu alimwendea Mhasibu Mkuu. Alinihadithia usiku ule ule, maneno kwa maneno, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni.

Mhasibu Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga mlango. Akasema faida ya mwaka imeshatangazwa, wakubwa wameshagawana bahasha, na yeye mwenyewe yake ameshajengea. "Unataka nikawaambie milioni arobaini na mbili si faida, ni deni? Na riba juu, na faini?"

"Ndiyo, bosi. Vyeti vina sahihi yangu."

"Haswa. Vina sahihi yako." Akatabasamu. "Na aliyesema makato ni yetu alikuwa nani, Mama Makato?"

Wiki ile ile Z2 ilihamishwa kimya kimya kwenda akaunti ya madeni. Ya mbele yakawa sawa. Ya nyuma yakaachwa yalipo.

Mke wangu hakuacha. Aliandaa marekebisho kwenye mfumo: punguza mapato mengineyo arobaini na mbili, ongeza deni la kodi ya zuio arobaini na mbili. Akaambatisha hesabu yake. Lakini mfumo hauruhusu aliyeandaa aidhinishe mwenyewe. Ukampelekea Mhasibu Mkuu. Mke wangu akachapa ule ukurasa, wenye namba, jina lake, tarehe, na neno moja chini. Akaubandika kwenye daftari la bluu.

Kila jioni nilimuuliza, "Vipi?"

"Linasubiri."

Neno lenyewe ndilo lililokuwa kwenye ukurasa.

Akaanza kupungua. Gauni la kazini nililibana kiunoni mara mbili. Presha ilipanda, dawa alimeza. Nilimwambia aache kazi. Akasema, "Nikiondoka leo, kesho nimeiba."

Siku ya thelathini na nne ya kusubiri walinipigia simu saa nne asubuhi. Alilalia meza. Kompyuta ilikuwa bado inawaka.

Baada ya arobaini Mhasibu Mkuu alikuja nyumbani. Gari aliliacha mbali, akaja kwa miguu na mlinzi wake. Aliamkia vizuri.

"Shikamoo, Mzee. Pole sana."

"Marahaba."

"Marehemu alikuwa dada yangu. Sasa kuna karatasi za ofisi labda alizisahau humu. Daftari hivi, la bluu."

"Karatasi zipo nyingi," nikasema. "Mimi sijui kusoma, baba. Chagueni wenyewe."

Nikawatolea boksi lote la vyeti vilivyoharibika. Mlinzi akalibeba. Daftari nilikuwa nimelikalia, ndani ya mto wa kiti cha cherehani.

Wakiwa mlangoni nilimsikia: "Mzee mwenyewe hasomi huyu." Wakacheka kwa sauti ya chini, kama watu waliofiwa.

Wiki iliyofuata fundi wa boila akaniletea habari. Kiwandani wametangaza kuna fedha za kodi zimepotea, na kwamba sahihi zote ni za marehemu. Aliniambia akitazama chini. Naye bado alikuwa anadaiwa.

Nilifungua daftari. Ukurasa wa kwanza, ambao Jumamosi aliuacha mtupu, alikuwa ameandika kwa mkono wake, siku ile ya Jumatatu: *Niliulizwa makato yanakwenda wapi. Nilijibu ni yetu. Nilifikiria adhabu. Kosa ni langu.* Kisha tarehe. Halafu zinafuata hesabu, halafu ule ukurasa uliochapwa.

Mkasi ulikuwa mezani. Ukurasa mmoja. Nimekata vitambaa miaka hamsini, mshono wa daftari ningeufungua asijue mtu. Ningebakiza mwanamke asiye na kosa.

Niliushika mkasi, nikausoma ukurasa tena. Alikuwa ameandika kosa ni langu. Hakuandika nimeiba. Hayo ni maneno mawili, na ni yeye aliyenifundisha kuyatofautisha. Nikaurudisha mkasi.

Asubuhi mimi na fundi wa boila tukaenda ofisi ya kodi. Chumba kidogo, feni haizunguki, mafaili mpaka dirishani. Ofisa alikuwa mama wa makamo. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanitazama. Akasoma mpaka wa mwisho, akauchukua ule uliochapwa, akaunyoosha kwa kiganja.

"Haya marekebisho walituambia hayapo," akasema. "Tulipokwenda kukagua baada ya malalamiko ya mafundi, kwenye mfumo wao hatukuyakuta."

"Basi wamefuta," fundi akasema.

"Wamefuta. Lakini namba hizi hutoka kwa mpangilio. Kuna moja imerukwa, tukaulizia, wakasema mashine imekosea." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Ni hii."

Akamwambia fundi wa boila deni analodaiwa litasimamishwa kwanza, kwa sababu mwenye kuzuia ndiye mdaiwa. Fundi akapumua. Mimi bado.

"Na mke wangu?"

"Aliyekosea akasema, na aliyeambiwa akaficha, sisi hatuwaandiki mstari mmoja."

Akanipa risiti ya kupokea daftari. Kisha akasimama akasukuma mlango ukafungika.

"Mzee, kule kiwandani wanajua ulikuwa nalo?"

"Wanajua sijui kusoma."

Hakucheka. "Unakaa na nani?"

"Na cherehani."

"Kaa na mtu mwingine siku hizi."

Nilirudi nyumbani kuchukua shuka. Saa nane mchana, jua kali, majirani wote wapo kazini. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Kwenye ngazi lilikuwepo boksi langu. Vyeti vyote, vimepangwa vizuri, kingo zimelingana, kifuniko kimewekwa kando.

Cha juu kabisa kilikuwa kimegeuzwa. Nyuma yake ni mwandiko wangu wa zamani, ule wa kujifunza, herufi kubwa zimepinda: *mke wangu, mke wangu, mke wangu,* mistari kumi na miwili. Nilikuwa nimeusahau.

Chini ya mstari wa kumi na mbili mtu ameongeza kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa ofisini:

*Kumbe unasoma, Mzee.*

Nikakisoma mara moja tu. Nikakikunja, nikakitia mfukoni pamoja na risiti ya daftari. Shuka sikuingia kuichukua.

Sasa nipo kwa fundi wa boila. Chumba chake kina dirisha moja, linatazama barabarani. Naandika nikiwa nimeupa ukuta mgongo.