Mwaliko Usio na Maelezo

Mwaliko uliingia kwenye simu yangu Jumatatu, nikiwa ofisini Rahaleo. Kichwa chake: "Kikao". Alhamisi, saa tatu asubuhi, nusu saa. Waalikwa ni mimi na afisa utumishi, na aliyetuma ni bosi wetu. Sehemu ya maelezo ilikuwa tupu.

Mimi si mtu wa kudanganywa. Mkataba wangu wa kuwafundisha wakulima wa korosho ulikuwa unaisha mwezi ule, na mwenzangu aliyeitwa na afisa utumishi kabla yangu alitoka na vitu vyake kwenye boksi. Dalili ya mvua ni mawingu. Bosi akinisalimia kwa uchangamfu, nasema ananizuga. Akipita kimya, nasema anaona aibu. Kuuliza sikuuliza, nimpe raha ya kunitazama nikibembeleza?

Jumatano nikaenda Mahurunga kuwaaga wakulima wangu. Bibi mmoja mwenye mikorosho mizee alinikamatia jogoo. "Ukale na wanao, mwalimu. Usitusahau." Jioni nyumbani tukamchinja, ila mimi nilimla bila hamu, nikiwaza ada za watoto.

Alhamisi niliosha pikipiki ya ofisi mpaka matairi. Nikaingia na ufunguo, helmeti na barua ya makabidhiano, nikavipanga mezani kabla sijakaa.

Bosi alivitazama. "Hivi vya nini?"

"Narudisha mali ya ofisi."

"Unatuacha? Mimi nimekuita tuchague msaidizi wako! Barua za waombaji umezisoma?"

"Barua zipi?"

Afisa utumishi akainama, akacheka puani. Nilitamani kumpiga na ile helmeti.

Bosi alifungua kompyuta, akautazama mwaliko wake mtupu. "Hata mimi ningekimbia," alisema. Kwa kuwa sikuwa nimesoma kitu, akakisogeza kikao hadi Ijumaa, saa ileile, akauandika mwaliko upya. Simu yangu ikalia mfukoni.

"Kuchagua msaidizi wa afisa ugani, Mahurunga: mmoja kati ya watatu". Chini yake: "Tukutane chumba cha ramani. Soma kwanza barua tatu zilizoambatanishwa, uje na jina unalolipendekeza na sababu. Afisa utumishi atatueleza masharti ya ajira ya msaidizi. Mkataba wako unaendelea. Wa kusaini utaukuta mezani."

Niliusoma mara mbili, ingawa aliyeuandika alikuwa mbele yangu. Sentensi zile mbili za mwisho aliziweka kwa ajili yangu tu, na machozi yakanilengalenga. Kisha nikapekua barua moja moja nione kama hakuna mtego.

Jumanne iliyofuata nilirudi Mahurunga na msaidizi mpya. Bibi alikuwa anachambua korosho uani. Alinyanyua kichwa, akanitazama, akaitazama pikipiki inayong'aa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jogoo wangu yuko wapi?"