Kadi ya Saba ya Bi Makopo

Mimi nina hasira za karibu, nasema mapema kabla hujaambiwa na wengine. Nilikuwa msaidizi wa somo la hesabu chuoni. Kazi yangu ilikuwa kuwafanyisha mazoezi wale ambao mhadhiri amewapita kwa kasi, na kati ya wote walionitoa jasho, hakuna aliyenikaa rohoni kama fundi cherehani mmoja wa miaka arobaini na mmoja tuliyemwita Bi Makopo.

Alikuwa ameshona sare za shule miaka kumi na tisa, kisha akaamua kwamba sasa anataka kuwafundisha hesabu watoto wanaozivaa. Mumewe alidhani ni masihara, mpaka siku aliporudi nyumbani akakuta cherehani imefunikwa shuka na juu yake kumelazwa kitabu cha kalkulasi. Akaenda kujipashia chai mwenyewe.

Masomo yote alipita ila hili. Kwenye mifululizo isiyo na mwisho alianguka mara mbili. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: mara ya tatu unafanya mtihani wa ana kwa ana mbele ya mhadhiri, na ukianguka hapo unafutwa. Hakuna rufaa, wala machozi hayasikilizwi.

Shida yake haikuwa kukokotoa. Mkono wake ulikuwa safi kuliko wangu. Shida ilikuwa kuchagua. Unapewa namba zinazojumlishwa bila kikomo, uambiwe: jumla hii inatulia kwenye namba moja, au inakimbia? Njia zipo, lakini lazima uchukue inayofaa. Yeye akiona mfululizo wowote alivamia kwa uwiano: gawanya namba inayofuata kwa iliyotangulia, tazama mgao unaelekea wapi. Ukielekea chini ya moja, jumla inatulia. Ukizidi moja, inakimbia. Ukielekea moja kamili, kipimo kimekaa kimya. Sasa yeye alikuwa akichukua kitu chepesi kama 1/n², anapata moja, anafuta, anarudia, anapata moja tena, na kengele inalia karatasi ikiwa nyeusi kwa wino.

"Dada," nilimwambia siku moja nikiwa nimeshachoka, "mbona unagonga mlango ambao hauna mtu ndani?"

Kesho yake alikuja na makopo matatu ya maziwa ya unga, yale aliyokuwa akitenganishia vifungo kazini. Kwenye kila kopo alikuwa amebandika karatasi: uwiano, ulinganisho, integrali. Kadi themanini alizikata kutoka maboksi ya mashati. Kila alasiri tulikaa kwenye chumba cha mazoezi, mimi nasoma kadi, yeye anatupa. 2ⁿ/n!, uwiano. 1/(n²+5), ulinganisho, maana kila namba yake ni ndogo kuliko ya 1/n² ambayo tunajua inatulia. Moja juu ya n mara logi ya n, integrali: namba zake ni chanya na zinashuka, basi unapima eneo chini ya mstari wa grafu yake, unaliona linakua bila kukoma, na jumla inakimbia nalo.

Alasiri moja njaa ilikuwa imenishika na kichwa kinaniuma. Akaniuliza kwa nini faktoriali, ile n! ambayo ni n mara kila namba iliyo chini yake hadi moja, iende kwenye uwiano. Nikamjibu kwa mkato: "Ukiona ile alama ya mshangao, usifikiri. Tupa kopo la uwiano." Akaandika. Wanafunzi wengine thelathini waliokuwa wakifanya mazoezi chumbani nao wakaandika. Nikaenda kula.

Siku ya mtihani mhadhiri, tuliyemwita Kikomo kwa sababu ya jinsi alivyolipenda neno hilo, aliweka kadi kumi mezani kando ya makopo matatu, aliyomruhusu Bi Makopo kuja nayo. Dakika kumi na mbili. Anayetaka kupita aweke tisa mahali pake, kisha aeleze atakazoulizwa. Mimi nilipewa saa niishike na onyo kwamba nisifungue mdomo.

Bi Makopo alianza vizuri. Kadi ya nne ilikuwa ile ya logi. Akaishika sana, midomo inacheza, akaitupa kwenye ulinganisho. Hilo lilikuwa kosa, na kosa lilikuwa moja tu linaloruhusiwa.

Kadi ya saba ilikuwa n!/(n+2)!. Aliona zile alama mbili za mshangao akatabasamu kidogo, na kadi ikaingia kopo la uwiano bila yeye hata kupepesa jicho.

Gawanya mwenyewe uone: unapata (n+1)/(n+3), na hiyo inaelekea moja. Uwiano hausemi kitu. Aliyemtupa kwenye shimo lile ni mimi, na nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na saa mkononi. Ningekohoa tu angeelewa. Ningekohoa tu, tungefukuzwa wote wawili. Niliuma ulimi, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Kadi ya kumi ilipoingia zilibaki dakika mbili. Nilidhani atakaa. Hakukaa. Alimwaga kopo la uwiano mezani, kama alivyozoea kumwaga vifungo avikague kabla ya kufunika, akachukua penseli na kuijaribu kila kadi kwa mstari mmoja. Ya kwanza, sifuri, ikarudi. Ya pili, nusu, ikarudi. Ya tatu akaandika, akasimamisha penseli.

"Sekunde arobaini," nikasema.

Aliivunja (n+2)! polepole: (n+2), mara (n+1), mara n!. Akakata n! juu na chini. Ikabaki 1/((n+1)(n+2)), ambayo ni ndogo kuliko 1/n². Akaiinua kadi na kuiweka kopo la ulinganisho, na saa ikalia mkono wake ukiwa bado ndani ya kopo.

Kikomo alihesabu. Tisa. Akaitoa ile ya logi. "Hii umeilinganisha na nini, mama?"

"Na 1/n. Ni ndogo kuliko…" Akaitazama kadi upya. "Lakini 1/n inakimbia. Kuwa chini ya inayokimbia hakuniambii kitu. Ilitakiwa integrali."

"Ilitakiwa. Tisa inatosha, umepita. Na hii ya faktoriali, kwa nini uliianzia kwenye uwiano?"

"Niliona mshangao nikakimbilia."

"Nani alikufundisha kukimbilia?"

Hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. "Haraka yangu mwenyewe, mwalimu."

Ningeweza kuiacha ipite. Mama wa watu ameshapita, amenifunika, tungeenda zetu. Nikaiweka saa mezani. "Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asifikiri."

Kikomo alivua miwani, akaiweka mezani taratibu. "Uliwaambia wangapi?"

"Chumba kizima. Thelathini."

"Na mtihani wao ni lini?"

"Kesho asubuhi."

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Bi Makopo alikuwa ameshapanga makopo yake moja juu ya jingine na kuyabeba kifuani. Kadi ya saba aliiweka juu kabisa.

"Twende, kaka," akasema. "Saa hizi wako chumba cha mazoezi. Wewe utawaambia ulikosea, mimi nitawaonyesha wapi."

Nikachukua mifuniko, nikamfuata.