Taa Ziiname, Zisizimwe

Mwanangu, kabla hujajua kusema "kwa nini", nakuandikia habari za siku niliyorudishiwa barua yangu mkononi hata wino haujazoea karatasi. Najua utakuwa muulizaji, maana damu ni nzito. Mimi mama yako nilihoji kila kitu. Hata methali nilizihoji. Mtu akisema penye wengi hapaharibiki neno, mimi nilitaka kujua wengi hao ni kina nani, na neno lenyewe nani kalipima.

Barua ilikuwa ya kwenda halmashauri ya manispaa. Niliomba taa mpya za barabarani za kwetu Madale zikingwe, zisimwage mwanga angani. Kijana wa masjala aliisoma juujuu, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kitu, akanirudishia.

"Sista, hii haina muhuri wa mtaa."

"Ni barua ya taa, kaka. Siombi kitambulisho."

"Kwani taa ziko hewani? Si ziko mtaani? Anza kwa mwenyekiti wako."

Nilitoka pale nimevimba. Nilijiuliza nyota zinahusianaje na muhuri. Nilikuwa bado kijana, wala sasa sijazeeka kiasi cha kujisifu kwa mvi, lakini la siku ile limenitosha kuwa urithi wako.

Nikueleze kwanza nilichokuwa nakililia. Nyumba yetu, kama nyingi za mlimani kwetu, ina zege la juu ambalo ghorofa yake haijajengwa, nondo zimesimama zikisubiri siku yenye heri. Hapo ndipo nilipoweka darubini yangu ya mtumba. Kabla ya taa, baada ya isha tu, Nge, zile nyota zilizojipanga kama nge, alikuwa anajinyoosha utosini msimu wa kipupwe, mkia umejikunja wote. Kusini, miezi ya mwisho wa mwaka, kulikuwa na madoa mawili hafifu kama moshi wa sigara, ambayo si mawingu bali ni galaksi ndogo, makundi ya nyota yaliyo nje ya galaksi yetu. Kisha zikaja taa, nyeupe zenye ubuluu, shingo zimeinuliwa kama kuku anayekunywa maji. Madoa yale yakatoweka. Mkia wa Nge ukakatika.

Mwanga unaopanda juu haupotei, mwanangu. Hugonga hewa, vumbi na mvuke wa pwani, ukatawanyika, ukarudi machoni kama ukungu unaong'aa, na nyota dhaifu huzama humo. Mwanga wenye ubuluu hutawanyika zaidi kuliko wa manjano, kwa sababu ileile inayofanya anga la mchana liwe la buluu. Haya yote niliyaandika, tena kwa kurasa. Nilisahau tu kwamba halmashauri haikai angani.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Bi Tatu, mzaliwa wa Kawe aliyehamia Madale wakati bado ni mashamba. Nilimkuta ofisini, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, Bi Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Lete hiyo karatasi unayoipepea."

Aliisoma yote, bila haraka, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Alipomaliza akaikunja vizuri.

"Umeandika vizuri. Humu nimeona nyota, nimeona hewa, nimeona mpaka ndege wanaopotea njia. Mama Kulwa simwoni."

"Mama Kulwa ndiye nani?"

"Ndiye niliyemwombea taa."

Akanieleza. Pale kwenye kona ya korongo Mama Kulwa anakaanga mihogo na samaki. Kabla ya taa, vibaka walikuwa wanamvizia yeye na wateja wake, naye akawa anafunga kabla ya magharibi, saa ambayo watu ndiyo kwanza wanarudi na njaa. Bi Tatu alifuatilia taa zile mpaka makarani wakamjua kwa mwendo wake.

"Nasikia wewe unahoji kila kitu," akasema. "Si vibaya. Ila hili hukulihoji: aliyeiomba taa, aliiomba kwa nini? Unataka kubadili kitu ambacho hujui kilimfuta nani machozi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu. Wewe umesimama wima juu ya dari, unataka cha mvunguni kikufuate."

Nikaikusanya barua yangu. Ukimwona mtu aliyezoea kuhoji anakusanya karatasi zake, ujue amepigwa panapostahili.

Lakini Bi Tatu hakuwa mtu wa kukukaripia akakuacha hapo. Jua lilipozama tukatembea wote mpaka kona. Taa ikawaka, kali, moja kwa moja usoni. Nikamwomba ainue ukingo wa mtandio wake juu ya nyusi, aizibe taa isimpige machoni, kisha atazame ng'ambo ya barabara.

Akatazama. Akashusha mtandio, akauinua tena.

"He. Juma, kumbe uko hapo?"

Kijana wa bodaboda alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake kando ya ukuta.

"Nipo tangu mnafika, bibi."

"Mbona hukuniamkia?"

"Shikamoo. Nilijua mmeniona mkanipotezea."

Hilo ndilo neno ambalo kurasa zangu zote hazikuwa zimelisema kwa lugha ya mtu apitaye. Taa inayokupiga usoni hufanya mboni ya jicho isinyae, na kilicho kivulini hukioni tena. Mwangaza mwingi si kuona kwingi. Ukiizuia isikupige machoni, mwanga uleule unakuonyesha zaidi. Aliyekaa pale alikuwa Juma, mtu mwema. Angeweza kuwa mwingine.

Bi Tatu alicheka kidogo, akasema, "Sasa ndiyo una barua."

Ukaitishwa mkutano kama desturi ilivyo, na habari ikanitangulia, imeharibika njiani. Nilipofika walikuwa wameshaamini nataka taa zizimwe.

"Huyu dada anataka tukae gizani ili yeye aone nyota," alisema mzee mmoja aliyekaa mbele.

"Nyota ya nini? Ya kuolewa?" akadakia mwingine. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ukikataa kuchekwa mkutanoni hutasikilizwa.

Mama Kulwa hakucheka. Alisimama, mikono ina unga bado.

"Mie sijui mambo ya juu. Nauliza moja tu. Giza likirudi pale konani, nani ataninunulia mihogo? Watoto wangu watakula hizo nyota?"

Hapo ndipo nilipoielewa barua yangu mwenyewe. Nikamjibu kwamba siombi hata taa moja izimwe, naomba ziiname. Nikasema tuombe ijaribiwe nguzo moja tu, ileile ya kona yake. Yeye awe hakimu. Akisema hapana, barua naichana mwenyewe mbele yao.

"Utaichana kweli?"

"Nitaichana."

Nilisema hivyo kwa sauti imara, mwanangu, lakini usiku ule nilipanda darini nikakitazama kile kipande cha Nge kilichobaki kama mtu anayemuaga msafiri.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Ilianza na Mama Kulwa na wapita njia. Kisha ikaomba shingo ya taa iwekwe sawa na ardhi, isitazame juu. Ngao za bati zifungwe pembeni, ndani zipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Na taa zitakazonunuliwa baadaye ziwe za mwanga wa manjano, zenye kioo bapa, mwanga wake usipande juu ya usawa wa taa yenyewe. Nyota nilizipa mstari wa mwisho. Bi Tatu akagonga muhuri, akaambatanisha muhtasari wa mkutano. Kijana wa masjala akaigeuza nyuma, akaona muhuri, akaipokea.

Ilichukua muda, kama mambo ya ofisi. Siku moja mhandisi akaja na mafundi na gari la ngazi. Alitupa sharti moja: mgongo wa taa usifunikwe, kwa sababu mapezi ya chuma yaliyo juu yake ndiyo yanayotoa joto, na taa isiyopumua hufa mapema. Wakalegeza nati, wakalaza shingo, wakafunga ngao, wakasubiri giza.

Taa ikawaka. Barabara ikawa nyeupe safi, tena kuliko mwanzo, maana mwanga uliokuwa unapotea juu ulikuwa umeshushwa chini. Ukuta wa Juma ukaonekana wote. Dirisha la jirani, lililokuwa limezibwa kwa boksi ili watoto walale, likapata kivuli. Mimi nikaanza kutabasamu.

"Meza yangu je?" akauliza Mama Kulwa.

Meza yake ilikuwa nyuma ya nguzo, kando ya barabara. Ngao ya nyuma ilikuwa imekata mwanga pale kama kisu. Karai lilikuwa gizani. Mafuta ulikuwa unayasikia tu yakichemka.

Neno lilishanifika mdomoni: si asogeze meza tu, hatua chache mbele? Nikamwona Bi Tatu ananitazama juu ya miwani. Mbele ilikuwa barabara, na magari. Nikalimeza neno lile. Nikamgeukia mhandisi nikamuuliza kama ngao ya nyuma inaweza kufupishwa, ikinge dirisha la jirani na anga tu, mwanga ufike mezani.

"Inawezekana," akasema. "Anga lako litapoteza kidogo. Mwanga ukigonga chini, sehemu yake hurudi juu."

"Lipoteze."

Fundi akapanda na mkasi wa bati, akakata, akashuka. Mama Kulwa akainama juu ya karai, akageuza muhogo, akautazama rangi yake. Watu wote walikuwa wamemkodolea macho kama wanasubiri hukumu, na kweli walikuwa wanasubiri.

"Umeiva," akasema. "Acheni hivyohivyo."

Nguzo nyingine za barabara yetu zikafuata, kila moja kwa kuuliza kwanza nani yuko chini yake. Barabara za jirani bado zinasubiri zamu. Nisikudanganye: anga halikurudi lote. Upande wa mjini bado kuna wekundu wa jiji zima, na ngao ya Madale haiwezi kuuzuia. Lakini mkia wa Nge umerudi, na usiku mkavu, mvua ikishasafisha vumbi, yale madoa ya kusini nayaona kwa kukisia, na kukisia kwenyewe kunanitosha.

Bi Tatu alipanda darini mara moja, akishika nondo, akilalamikia magoti. Nilimwonyesha Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho baba yake alikuwa anakitegemea kujua wakati wa kupanda. Alikitazama bila darubini.

"Kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua," akasema taratibu. "Nilidhani kimekufa. Kumbe tulikiwashia taa usoni."

Basi, mwanangu, usiache kuhoji. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hiyo methali nimeihoji nikaiona ni kweli. Lakini kila unapotaka kubadili kitu, swali lako la kwanza liwe hili: nani alikiomba, na kilimtoa katika giza gani? Kaa naye, kula muhogo wake, ndipo uandike. Ukiwa na haki lakini huna watu, una kurasa tu. Na ukipewa nusu ya ulichoomba ili mwenzako asipoteze chote, pokea kwa mikono miwili.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na shingo ya kuinama karibu. Akupe majirani watakaokucheka bila kukuchukia. Na kila utakapopanda darini kwetu, ulikute anga limekusubiri, na chini yake, konani, kuna mtu anakaanga mihogo kwa amani.