Nilimpigia Mama wa Columbus Kumwambia Wamenikataa

Mwanamke aliyenitafutia ile kazi alikuwa akiishi Linden, kule Columbus. Mimi na watoto tulikuwa Louisville, kwenye nyumba za kupanga za Highview, nyuma ya maduka. Hakuwa ndugu yangu wa damu. Wote wawili tulitoka Kivu ya Kusini, huko Kongo, tukasali pamoja miaka mingi katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na alipotangulia kuja Marekani hakunisahau. Nilimwita Mama, kama kila mtu alivyomwita. Alikuwa akitunza wazee katika nyumba ya kampuni yenye matawi kadhaa, na tawi moja lilikuwa Louisville, si mbali na kwangu.

Wakati huo nilikuwa nafunga maboksi ghalani. Nilikuwa nimesomea kazi ya kuwasaidia wauguzi na kufaulu mtihani wa jimbo, lakini kila nilikoomba walitaka mtu ambaye amekwisha kuifanya kazi hiyo hapa hapa Marekani. Mama aliposikia alisema, "Bon, weka jina langu kwenye maombi yako. Mimi nitaongea na msimamizi wangu, na yeye ataongea na watu wa huko."

Akafanya hivyo. Akanifanyisha na mazoezi kwa simu, akijifanya mzee anayekataa kuoga, na alikataa vizuri sana hivi kwamba nilimwomba tuanze upya.

Meneja aliyenifanyia usaili alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Aliniambia kwamba mtu aliyeletwa na yule mama hawana wasiwasi naye. Alinitembeza vyumbani, nikamsaidia bibi mmoja kuvaa sweta lake, na tulipofika mlangoni akanishika mkono akasema kazi ni yangu, nije Jumatatu ya wiki inayofuata kwenye mafunzo ya waajiriwa wapya. Nikapimwa kifua kikuu, nikatoa mkojo wa kupima dawa za kulevya, wakachunguza kama nina kesi polisi. Kila kitu kikarudi safi. Nikaaga ghalani. Nikanunua viatu vyeupe.

Jumatatu ile nilifika kabla ofisi haijafunguliwa. Wenzangu wapya waliitwa mmoja mmoja wakaingia. Mimi nikabaki kwenye kiti cha mapokezi mpaka akatoka mama mmoja wa ofisini ambaye sikuwahi kumwona. Hakuketi. Alisema nafasi yangu imeondolewa. Nikamuuliza kwa nini. Akatazama pembeni, akasema familia za wazee zinalalamika kwamba haziwaelewi baadhi ya wafanyakazi wanavyoongea.

Alisema hayo kwa Kiingereza, na mimi nikayaelewa yote, neno kwa neno. Nikamjibu kwa Kiingereza hicho hicho, naye akanielewa, maana uso ulimbadilika. Kiingereza changu kilikuwa kimetosha siku ya usaili. Kilipungua lini? Nikaomba kumwona meneja. Akasema yuko kwenye mkutano. Lakini mlango wa meneja ulikuwa wa kioo, na nilikuwa namwona mle ndani, peke yake, anakula keki.

Nilitembea mpaka kituo cha basi. Sikulia. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeitwa mezani akanawishwa mikono, halafu akaambiwa ainuke.

Wa kwanza kumwambia alikuwa mdogo wangu, aliyekuwa Buffalo. Yeye na mkewe walikuwa wamenunua nyumba ya zamani mtaa wa Black Rock na alikuwa akiitengeneza mwenyewe baada ya kutoka kiwandani. Nikamwambia natafuta namna ya kumpa Mama habari.

"Yaya, usimwambie," alisema; kwetu ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu. "Muandikie tu asante, Mungu akubariki, iishe. Donc, utamwambia nini? Kampuni yake ni wabaya? Bado anakula kwao. Utamuletea matatizo."

"Mtu ametoa jina lake kwa ajili yangu, nimfiche lilikoishia?"

"Akiuliza, utasema."

Hapo nikamkasirikia na yeye. Huo ndio mtindo wa wengi wetu: kabla ya kazi tunampigia mtu asubuhi na jioni, "Mama tusaidie, Baba tuombee," na jibu likishatoka, liwe zuri au baya, tunanyamaza. Nikamwambia mdogo wangu arudi kwenye mbao zake.

Hata hivyo nilisubiri siku chache. Sikutaka kumpigia Mama nikiwa nafoka, kana kwamba yeye ndiye aliyenifukuza. Nikampigia Jumapili, baada ya ibada.

"Ndiyo," akajibu. Basi. Hakuuliza watoto, hakuuliza afya. Nikashangaa, lakini nikaendelea na nilichokuwa nimepanga.

"Mama, nimepiga kukushukuru. Uliongea kwa ajili yangu, ukanifundisha, ukatoa jina lako. Hilo sitalisahau. Na nataka usikie mwisho wake kutoka kwangu mwenyewe: hawakunichukua. Nilienda kwenye mafunzo, wakanirudisha pale mapokezi. Walisema familia haziwaelewi watu wanaoongea kama mimi. Kosa si lako hata kidogo."

Nikamsikia akizima redio.

"Rudia," akasema. "Ulifika?"

"Nilifika, Mama. Nilifika hata ofisi haijafunguliwa."

"Mimi niliambiwa haukufika." Sauti yake ilianza kupanda. "Msimamizi aliniita mbele ya wenzangu. Akasema, mtu wako hakutokea, hata simu hakupiga, usituletee tena watu wa namna hiyo. Na mimi nikainamisha kichwa! Wiki nzima nimekukasirikia. Nilisema, huyu ameniaibisha, na sitamuuliza kitu."

Nikakaa chini. Kunikataa kulikuwa kumeniuma, lakini hili lilikuwa jambo lingine. Walinifukuza mlangoni, kisha wakaenda kusema sikuja. Na wakamwambia nani? Mtu pekee aliyekuwa amenisemea vizuri. Kama ningemsikiliza mdogo wangu, ningetuma asante ya mstari mmoja, na Mama angeisoma kama dharau.

"Mama, unaniamini?"

"Mtu aliyetoroka kazi hapigi simu kushukuru," akasema. "Sasa niache. Kesho nina maneno na mtu."

Nilimwomba asihatarishe kazi yake kwa ajili yangu. Akaniambia jina lililochafuliwa ni lake pia.

Kesho yake aliingia ofisini kwa msimamizi na kumweleza yote. Msimamizi akapiga simu Louisville. Majibu yakarudi kwamba kulikuwa na "kutoelewana". Hakuna aliyesema amedanganya, hakuna aliyesema samahani. Baadaye yule meneja mwenye sauti ya upole alinipigia mwenyewe: kama bado natafuta, wana nafasi kwenye chumba cha kufulia, huko chini. Nikamuuliza kama mashuka yataelewa Kiingereza changu. Akasema hakunisikia vizuri. Nikakata.

Mpaka leo nikiikumbuka ile simu damu inanichemka. Lakini nilimpigia Mama kumweleza na hiyo, kwamba wamenipa ya kufulia na nimekataa, kwa sababu nilikuwa nimeamua hatasikia tena habari zangu kutoka kwa mtu mwingine. Naye akasema niweke jina lake popote nitakapoomba, mara nyingi niwezavyo.

Nikaliweka kwenye nyumba nyingine ya wazee, ndogo, upande wa pili wa mji. Walimpigia, wakaongea naye kirefu, na safari hii nilivaa vile viatu nikafanya kazi siku nzima. Nilipotoka nilimpigia nikiwa bado nimesimama kwenye maegesho. Alikuwa zamuni.

"Nimepata, Mama. Leo nimewaogesha wazee, na wote wamenielewa. Asante."

Alipiga kigelegele huko huko kazini, nikasikia watu wakiuliza kuna nini. Halafu akaniambia, "Subiri, usikate. Msimamizi yuko hapa. Naweka spika. Sema tena, na useme kwa Kiingereza."