Zabibu na Kistari cha Chini

Nilifanya kazi miaka minne kwenye steshenari moja karibu na chuo kule Chimwaga. Kilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, printa mbili, na kompyuta ndogo iliyotumika huko Ujerumani kabla ya kufika Dodoma. Bosi wangu, mama mmoja wa Kondoa, aliinunua kwa sababu ilikuwa nzima na betri yake ilikuwa bado inakaa na chaji. Kibodi yake ndiyo iliyokuwa na kasoro, ingawa sisi hatukuiita kasoro.

Vitufe viliandikwa Kijerumani. Fundi aliyeiandaa akaipangia Kiingereza cha Marekani ndani, kwa hiyo kilichoandikwa kwenye kitufe na kilichotokea kwenye skrini vilikuwa vitu viwili tofauti. Kitufe kilicho jirani na T kiliandikwa Z, ukikibonyeza inatoka Y. Ile Y yenyewe, chini kabisa kushoto, ilitoa Z. Mabano ya kufungulia yalichorwa kwenye nane, kumbe yalikuwa kwenye tisa. Alama ya kuuliza ilichorwa juu, pembeni ya sifuri, lakini ukiitaka ilibidi ushike Shift na kitufe cha kistari, kile cha kulia kwa nukta.

Mimi sikupata shida. Nilijifunza kuchapa kwa vidole kumi, bila kuangalia chini, na vidole vyangu vilikuwa vya Kimarekani. Waliopata shida ni wanachuo waliokodi mashine wakachape wenyewe wakitazama vitufe. Kiswahili kina Y na Z kila mahali, na mbaya zaidi, ukizibadilisha mara nyingi bado unapata neno. "Barua ya" inakuwa "barua za", "yao" inakuwa "zao". Kuna kijana alichapa ripoti yake nzima, kila penye "yeye" pakasomeka "zeze", kana kwamba ameandika habari za wapiga zeze wa Kigogo. Tulicheka sana siku ile.

Nilimwambia bosi tununue stika za herufi, zile za kubandika juu ya vitufe. Akasema, "Za nini? Wewe si unaijua?"

Nilijibu kwamba naijua. Nakiri nilipenda ilivyokuwa. Watu walisimama nyuma yangu kuniangalia nikichapa kwenye kibodi inayosema uongo, wakashangaa.

Siku moja aliingia mama mmoja, mwalimu kutoka Haneti. Alikuja mjini kumwona mdogo wake aliyekuwa anasoma chuoni, na mdogo wake akamleta kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha plastiki huku ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Ajira za walimu zilikuwa zimetangazwa na maombi yote yalikuwa ya mtandaoni.

"Nafundisha kwa kujitolea mwaka wa tisa sasa," alisema. "Darasa la kwanza na la pili. Wazazi wakivuna wananipa mahindi." Kisha akaongeza, bila kujihurumia, "Tangazo linasema umri usizidi arobaini na mitano. Mimi nitaupita mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo mdogo wangu, tufanye taratibu tusikosee."

Hakuwa na barua pepe, nikaanza na hiyo. Ilipofika kwenye @ aliinama kutazama vidole vyangu.

"Umeipata wapi hiyo? Mimi naiona imeandikwa kwenye Q."

"Shift na mbili, Mwalimu."

"Mbona hapo kwenye mbili pana alama za kunukuu?"

Nilicheka. "Usihangaike na maandishi. Hii nimeizoea."

Naye akacheka, akarudi kukaa vizuri. Nilikuwa na sekunde tatu pale za kumweleza. Kulikuwa na watu wawili wanasubiri fotokopi, nami nilikuwa nimenogewa na umahiri wangu.

Tukafika kwenye neno la siri. Bosi alikuwa ametukataza kabisa kumwandikia mteja neno lake la siri, maana tulishawahi kusingiziwa. Nilimsogezea kompyuta nikamwambia aweke neno analoweza kulikumbuka, lenye herufi kubwa, namba na alama moja. Nikageuza uso ukutani, kwa adabu. Nilimsikia akibonyeza kwa kidole kimoja, polepole, akitafuta kila herufi. Kwenye skrini zilitokea nukta nyeusi tu. Mfumo ukamtaka arudie, akarudia vilevile, ukakubali. Akaliandika neno lenyewe kwenye karatasi, akaikunja na kuitia kwenye bahasha. Kwenye mfumo wa maombi akaweka neno hilo hilo, ili asichanganye. Barua pepe ilipoomba namba ya simu ya kurudishia akaunti, nikairuka. Tulikuwa tunairuka kila siku ili kazi iende haraka.

Tulijaza nusu. Nakala za vyeti vyake hazikuwa na muhuri, kwa hiyo ilibidi arudi Haneti kuzitafutia. Nilimwonyesha jinsi ya kumalizia kwenye simu ya mdogo wake, ambayo angeondoka nayo. Akachukua namba yangu, akaniombea baraka, akaenda.

Muhuri ulichelewa. Aliyetakiwa kuugonga alikuwa safarini. Mwalimu alinipigia siku ya mwisho yenyewe, kama saa tisa na nusu alasiri, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa saa kumi.

"Mdogo wangu, vyeti ninavyo, nimeshavipiga picha. Lakini linakataa. Linasema neno la siri si sahihi."

"Umejaribu mara ngapi?"

"Mara nne. Sasa linasema nimebakiwa na moja."

"Usiguse tena. Nitajie mimi, nitaingia kwa hapa, picha za vyeti unitumie."

Akanitajia kwa sauti ya kusoma, kama anayewapa watoto imla. "Zabibu. Z kubwa. Halafu kile kistari cha chini. Halafu saba."

Nikaona kosa litakuwa kwenye simu, labda inaweka nafasi mwishoni au inakuza herufi yenyewe. Niliweka vidole mahali pake nikachapa haraka, kwa usahihi, bila kutazama chini. Zabibu, kistari cha chini, saba. Nikabonyeza kuingia.

Likatokea boksi jekundu: akaunti imefungwa kwa saa ishirini na nne.

"Imekubali?" aliuliza.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye kibodi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa nasoma vile vitufe. Z, jirani na T. Alama ya kistari cha chini, imechorwa vizuri kabisa juu ya kile kitufe cha kulia kwa nukta. Nikakiona akilini kidole chake kikitafuta. Alibonyeza Z, ikaingia Y. Alishika Shift akabonyeza kistari cha chini, ikaingia alama ya kuuliza. Mara mbili, sawasawa, chini ya zile nukta nyeusi. Mwalimu hakuwahi kuweka neno alilodhani ameliweka.

Nikafungua barua pepe yake na kuchapa alivyochapa yeye, nikifuata maandishi ya vitufe. Ikafunguka mara moja. Nilijaribu kuomba neno jipya la siri kupitia hiyo barua pepe, mfumo ukarudia habari ile ile ya saa ishirini na nne. Nikachukua simu ya dukani, nikapiga namba ya msaada iliyokuwa chini ya ukurasa. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena na tena, simu yake ya Haneti nikiwa nimeiacha hewani, naye anasema "haloo, haloo." Saa kumi ilipofika ukurasa ulibadilika, yakabaki maneno ya kushukuru waombaji wote.

"Mwalimu," nikasema, "mfumo umezidiwa. Watu ni wengi siku ya mwisho."

"Basi," alisema. "Wewe umejitahidi sana. Usijisikie vibaya."

Juma lililofuata mdogo wake aliniletea mfuko wa karanga kutoka Haneti. Nilizikaanga, nikazila. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisimulia makosa yao hupenda kusema hawakuweza kula. Mimi nilikula.

Sisemi kwamba angepata ile kazi. Walioomba walikuwa wengi na nafasi zilikuwa chache. Ninachosema ni kwamba jina lake halikuwahi kufika mahali pa kukataliwa. Nilimweleza bosi yote, akaguna, akasema wateja wajifunze kuuliza. Stika nilinunua mwenyewe, nikazibandika asubuhi moja kabla hatujafungua. Yule wa kwanza kukaa alichapa ukurasa mzima bila kosa, wala hakujua kuna jambo limebadilika.

Mwalimu alirudi mwaka uliofuata, akiwa na mitihani ya majaribio ya watoto wake ya kurudufu. Umri ulikuwa umeshampita. Tulikuwa wawili tu mle ndani, mashine inatoa karatasi, na nikashindwa kuendelea kupokea shukrani zake. Nikamweleza habari ya Z na ya kistari.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaja upande wangu wa meza, akaitazama kibodi kwa muda, stika zake mpya mpya.

"Ulikuwa unajua toka mwanzo kwamba iko hivyo?"

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza, Mwalimu."

"Mwaka mzima," alisema taratibu, "nimekuwa nawaambia watu kwamba mimi ni mzembe. Kwamba nililisahau neno langu mwenyewe. Hata mume wangu ananiambia hivyo, kwamba kichwa changu kimeshazeeka, ningewezaje kufundisha."

Hilo sikulijua. Nilidhani uongo wangu ulimkinga. Nilimwomba msamaha. Hakuniambia amenisamehe, wala hakunigombeza. Alisubiri karatasi zake zitoke, akazihesabu nakala moja moja na kuzifunga kwa uzi. Nilikataa malipo, akaziweka noti juu ya mashine ya fotokopi, akaondoka bila kuniaga.

Mdogo wake alishahitimu, kwa hiyo habari zao nazipata kwa kudokezwa tu. Nimesikia shule aliyokuwa anajitolea ilipelekewa mwalimu wa ajira ya serikali, kijana wa kutoka mkoa mwingine, na kwamba ni yeye Mwalimu aliyemwonyesha nyumba ya kupanga na kumkabidhi rejesta ya darasa la kwanza. Siku hizi, wanasema, Mwalimu mwenyewe analima alizeti.