Mume wa Mkaguzi

Kazini walimwita Mkaguzi, naye alikagua meza za poka za mtandaoni. Malalamiko mengi yalikuwa vilio tu. Mtu kaliwa kihalali, basi aliyemla ni mwizi, ni roboti, na ukoo wake wote. Ushahidi? Uchungu wa moyo, na huo unatosha, au sivyo?

Siku moja, lakini, likaja lalamiko la mtu mwenye akili zake. Hakumtukana mtu mezani. Alituma namba za michezo na muda wake, akaandika: "Huyu hutumia muda uleule kutupa karata za takataka na kuamua jambo zito."

Mkaguzi akafungua rekodi. Maelfu ya michezo, na karibu kila uamuzi mgumu ulilingana na jibu la programu ya kukokotoa uchezaji bora, ile ambayo mchezaji haruhusiwi kuichungulia mchezo ukiendelea. Mchezo mmoja hauthibitishi kitu, maana hata mjinga hubahatisha. Lakini maelfu! Bingwa huyu hakuchoka wala hakukasirika, na kila mara alingoja sekunde saba kamili. Mtakatifu kabisa.

Akatazama mtandao aliokuwa akiingilia bingwa huyo. Ulikuwa wa nyumbani kwake yeye Mkaguzi. Akaunti ilikuwa kwa jina la shemeji yake, maana watu wa nyumba ya mfanyakazi hawaruhusiwi kucheza.

Kumbe ni yeye! Mumewe, yule aliyekuwa akijisifu kwamba kipaji cha poka kimemjia ukubwani, kama vile kipaji ni kitambi.

Angeweza kuandika "hakuna tatizo" akafunga. Mkono ulikwenda hadi kwenye kitufe. Kisha akasimama, akampelekea bosi faili. "Siwezi kulishika hili. Ni mume wangu."

Bosi alimshukuru kwa uaminifu wake, kisha akamfungia asiingie tena kwenye mfumo. Shukrani za ofisini hizo.

Jioni akamkuta mumewe sebuleni, kavimba.

"Wamenifungia akaunti! Eti natumia programu. Hebu niandikie barua, mke wangu, wewe unaijua lugha yao."

"Unaitumia au huitumii?"

"Kidogo tu. Lakini wamejuaje? Wewe mwenyewe ulisema hapa nyumbani tukila kwamba roboti hujibu haraka. Mimi nilikuwa nahesabu mpaka saba, kila mara!"

"Kila mara," alisema Mkaguzi. "Hata kwa takataka. Binadamu takataka huzitupa papo hapo, baba."

"Sasa hilo mbona hukusema?"

Mkaguzi akaweka mkoba chini.

"Faili nimelipeleka mimi."

Mume akakodoa macho. "Umenichoma? Mimi, mumeo?"

"Nimekuchoma. Na kesho nahojiwa mimi. Wanataka kujua kama kuna mtu wa ofisini aliyekuwa anakufundisha kujificha."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia yupo."