Namba ya Mama Bernadina

Nina duka la steshenari mjini Korogwe. Kazi yangu ni kuchapa barua, kutoa kopi, na kutengeneza matangazo ya harusi na mikutano ya dini. Watu husema nina hasira za karibu, na sibishi. Lakini safari hii nilikuwa na haki ya kukasirika, na mpaka leo hasira hiyo haijanitoka.

Mama Bernadina anauza maandazi na chai kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge kule Ngombezi. Mumewe, Mzee Gregori, alifanya kazi kiwandani mpaka mtoto wa jicho alipomfunga macho yote mawili. Sasa anakaa nje ya mlango wake, na anawajua wapita njia kwa mwendo wao. Mama Bernadina ndiye aliyewapata madaktari wa macho. Aliwakuta walipokuja kupima wagonjwa Mombo, akawasubiri mpaka wakamaliza kazi, akawaomba waje na Ngombezi. Wakakubali kwa sharti moja: wapate majina ya wagonjwa wasiopungua thelathini kabla ya Jumatano, kwa simu, ili wajue vifaa vya kubeba. Wakipungua, gari litaenda kwingine.

Basi akaandika tangazo kwa mkono wake kwenye karatasi ya manila, akalipiga picha na kunitumia kwenye simu. Picha ilipigwa upande, kivuli cha simu yake kimelala katikati, na kona yenye namba imekunjika. Nikampigia.

"Shikamoo mama. Ilaze karatasi mezani karibu na dirisha, inama juu yake, simu iwe sawa na karatasi, upige tena."

"Marahaba mwanangu. Sijui mambo hayo, lakini nitajaribu."

Ya pili ilisomeka. Hata hivyo nilimwomba anitajie namba yake tarakimu moja moja, kwa sababu kwenye picha saba na moja hufanana, na namba iliyokosewa ni bora isiwepo. Kisha nikaanza kazi. Alikuwa ameandika kila kitu kwa ukubwa mmoja, kuanzia salamu za Bwana mpaka shukrani kwa kamati. Nikapunguza maneno. Juu nikaweka UPIMAJI WA MACHO BURE, herufi nene nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Chini yake siku, saa na ukumbi. Halafu, ndani ya kisanduku chenye nafasi pande zote, PIGA SIMU KUJIANDIKISHA KABLA YA JUMATANO, na namba ya Mama Bernadina ikiwa kubwa karibu kama kichwa cha habari, imegawanywa mafungu matatu ili mtu aikumbuke. Rangi sikuweka kabisa. Nilijua litatolewa kopi nyeusi na nyeupe, na nilijua wasomaji wake ni watu wa aina gani. Nikachapa moja, nikaibandika ukutani, nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Namba ilisomeka.

Mama Bernadina alipoliona alicheka kwa furaha. Ila hakuweza kulisambaza hivi hivi. Ukumbi ni wa kanisa, na jambo la kanisa lina kamati, na kamati ina mwenyekiti, Bwana Yordani. Akampelekea.

Siku ile ile Yordani akaja dukani.

"Dada Janeth, tangazo ni zuri, lakini mgeni rasmi yuko wapi?"

Nikamuuliza mgeni rasmi anapima macho?

"Usinifanyie utani. Huwezi kumwalika mtu mkubwa halafu asiwe na picha. Na hii namba ya muuza maandazi, watu watatuonaje? Weka ya Mwenyekiti. Halafu tia rangi, tangazo limekaa kama la msiba."

Nilimweleza kwa upole, na upole kwangu ni kazi. Nikamwambia picha ikikaa katikati namba itasukumwa chini na kuwa ndogo. Nikamwambia rangi za kung'aa zinapendeza kwenye simu, lakini njano kwenye karatasi nyeupe haishikwi na mashine ya kopi. Akasema sawa, akaipiga picha karatasi yangu ya ukutani, akaondoka.

Akatengeneza lake mwenyewe kwa simu, juu ya ile picha. Mgeni rasmi, suti na tabasamu, akajaa nusu ya ukurasa. Cheo chake mistari miwili. Majina ya kamati yote. Na chini kabisa, kwa herufi nyembamba za njano ya limau, "kwa mawasiliano," na namba ya Yordani. Kopi akatoa duka jingine.

Moja niliiona imebandikwa stendi. Mahali pa namba palikuwa peupe. Nikampigia Mama Bernadina nikamwambia wazibandue zote, nichape upya bure.

"Mwache Mwenyekiti, mwanangu," alisema. "Ndiye mkubwa wetu. Nikimpita itaonekana najitafutia sifa."

Nikampigia na Yordani. Alisema yeye anaiona namba vizuri. Bila shaka alikuwa anaitazama kwenye simu yake.

Siku zikaenda. Simu ya Yordani haikulia. Waliojiandikisha ni wachache wanaosali naye, aliowaandika kwa mkono baada ya ibada. Jumatano ilipoisha madaktari wakasema samahani, gari likaelekea upande wa Handeni.

Kamati ikakaa kutathmini. Nilikwenda bila kualikwa. Mzee Gregori alikuwepo, ameshikwa mkono na mkewe, wameketi benchi la nyuma.

Yordani akasimama. "Ndugu zangu, sisi tulifanya sehemu yetu. Watu wetu hawana mwamko. Unawaletea huduma mlangoni, hata kupiga simu wanashindwa."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mzee Gregori akainua mkono, akaruhusiwa.

"Mimi sioni, mnisamehe," alisema. "Naomba mmoja wenu anisomee hiyo namba ilivyo kwenye karatasi, ili nijue tulishindwa nini."

Katibu akachukua tangazo mezani. Akalisogeza machoni, akalipeleka mbali. Akampa jirani yake. Karatasi ikazunguka mpaka ikafika kwa Yordani mwenyewe, akaenda nayo dirishani, akaigeuza geuza kwenye mwanga. Mwishowe akaitaja namba kwa kichwa, bila kutazama karatasi. Hakuna aliyecheka. Wakaingia agenda ya pili, barua ya kumshukuru mgeni rasmi.

Nilitoka na Mzee Gregori na mkewe. Nilikuwa natukana njia nzima, nasema yote niliyoyameza mle ndani. Tulipofika kambini, Mama Bernadina alimkalisha mzee kwenye kiti chake. Hapo ndipo aliponivuta pembeni.

"Janeth, walikuwa wanakuja kwangu," alisema. "Kila asubuhi kwenye maandazi. Huyu ana mama yake, yule ana shangazi, mwingine macho yake mwenyewe. Wanaleta ile karatasi wanasema namba haionekani, tuandike wewe. Wangepita hata hao thelathini."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia mimi si mhusika. Wamtafute Mwenyekiti."

Mzee Gregori alikuwa amegeuza uso upande wetu. Sauti ya mkewe aliisikia vizuri, macho tu ndiyo yaliyokufa. Alinyoosha mkono kutafuta ukuta, akaupata, akaingia ndani peke yake.